Ratiba ya Wiki Tatu

Miaka yetu, ratiba ya mtihani wa kidato cha nne ilifika shuleni ikiwa karatasi chache tu. Mwalimu wa taaluma aliibandika kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi ya walimu, nasi tukajazana pale na kalamu kuinakili kwenye jalada la ndani la daftari. Kila mmoja alipigia mstari masomo yake, na mistari ilipokwisha kupigwa, manung'uniko yakaanza. Mbona mimi Jumatatu naingia asubuhi na mchana, halafu nakaa hadi Alhamisi? Mbona Fizikia ya nadharia iko wiki ya kwanza na ya vitendo iko karibu na mwisho? Wenzetu wa biashara mbona wanamaliza mapema na kufungasha masanduku, sisi wa sayansi tunabaki kula maharage peke yetu?

Hakuna aliyetujibu. Walimu wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kueleza mambo ya Baraza la Mitihani, na labda wengi wao hawakuyajua. Ilisemwa tu kwamba ratiba imetoka Dar es Salaam, basi.

Siku za katikati, zile ambazo huna karatasi, tuliziita gepu. Shule yetu ilikuwa ya bweni, huko nyanda za juu, na mtihani wakati huo ulikuwa Oktoba, kabla mvua hazijaanza. Siku ya gepu ulilala hadi kengele ya pili, ukanywa uji, ukachukua daftari ukaenda kukaa chini ya mikaratusi. Hakuna aliyekutuma kuchota maji wala kukata kuni. Watahiniwa walisamehewa kazi zote. Mchana wali ulikuwapo, au ugali, lakini kulikuwa na kitu. Jioni mlikaa kikundi mkaulizana maswali. Tulilalamikia gepu kana kwamba ni adhabu, na sasa ninapoiona ratiba ile ile ikimwangukia mtoto wa shule ya kata, natamani angeipata hata moja kama zile.

Baadaye nami nilikuwa mwalimu, kisha mwalimu wa taaluma, na misimu mingi nilipelekwa kusimamia mtihani katika shule za wengine. Hapo ndipo nilipoanza kuielewa karatasi ile ya ubaoni. Watu wengi, wakiwamo wazazi wasomi, hudhani msimu wa mtihani ni mrefu kwa sababu watahiniwa ni wengi. Si hivyo hata kidogo. Tazama darasa la saba. Mwaka 2024 mtihani wa kumaliza elimu ya msingi ulifanyika Septemba 11 na 12, siku mbili tu, na waliosajiliwa walikuwa zaidi ya milioni moja. Mtihani wa kidato cha nne mwaka huo huo ulianza Novemba 11 ukaisha Novemba 29, wiki tatu kamili, na watahiniwa wake walikuwa kama nusu ya wale wa darasa la saba. Wengi wamemaliza upesi, wachache wamechukua wiki tatu.

Tofauti ni hii: watoto wa darasa la saba wote wanafanya mambo yale yale. Masomo sita, karatasi sita fupi fupi, tatu leo na tatu kesho. Ukimwingiza mmoja umewaingiza wote. Lakini ukifika kidato cha nne, hapana watoto wawili ambao una hakika wamechagua sawa. Kuna masomo ya lazima, kuna ya sayansi, ya biashara, ya dini, ya lugha, ya kilimo, sanaa, muziki, upishi, kompyuta. Jumla yanapita ishirini. Mtoto mmoja anafanya kati ya saba na kumi, lakini ratiba haitengenezwi kwa ajili ya mtoto mmoja. Inabidi iwatoshe wote kwa pamoja, bila yeyote kujikuta anatakiwa kuwa katika vyumba viwili kwa saa moja.

Halafu kuna sharti linaloifunga ratiba nzima: karatasi ya somo lazima ifunguliwe nchi nzima kwa wakati mmoja. Ukerewe, Mafia, Pemba, Tunduru, wote saa ile ile. Ingekuwa kila mkoa unafanya kwa siku yake, karatasi ya kwanza ingekwisha kufika mkoa wa pili kabla ya jua kuchwa. Hata zama zile ambazo hakukuwa na simu ya mkononi ingefika. Leo ingefika kabla mtoto wa kwanza hajamaliza kuandika namba yake ya mtihani.

Nilikuwa nikiwaeleza walimu wapya kwa kuwachorea vipindi ubaoni. Chukua mtaala uliotumika miaka mingi. Masomo saba ni ya lazima: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Biolojia na Hisabati. Kwa kuwa kila mmoja anayafanya, hakuna somo jingine lolote linaloweza kuwekwa sambamba na mojawapo. Kila moja linadai kipindi chake peke yake. Biolojia ina karatasi ya pili ya vitendo, nayo ni ya wote. Hapo vipindi vinane vimekwenda na bado hujagusa somo la kuchagua.

Sasa mlete Asha, mwanafunzi wa kubuni, ambaye anaongeza Fizikia, Kemia na Elimu ya Dini ya Kiislamu. Fizikia ina nadharia na vitendo, Kemia vivyo hivyo, dini ni karatasi moja. Asha ana karatasi kumi na tatu. Mlete na Petro, anayeongeza Biashara, Utunzaji wa Hesabu na Maarifa ya Biblia. Yeye ana kumi na moja. Kama nchi ingekuwa na akina Asha na akina Petro tu, mpanga ratiba angelala usingizi: Fizikia sambamba na Utunzaji wa Hesabu, Kemia sambamba na Biashara, Biblia sambamba na Dini ya Kiislamu, na kazi imekwisha. Lakini mahali fulani, Songea au Kigoma, yuko Rehema aliyechagua Kemia na Biashara kwa sababu shule yake haina mwalimu wa Fizikia. Yuko na mwingine mwenye Fizikia na Utunzaji wa Hesabu. Na wako watahiniwa wa kujitegemea, watu wazima wanaorudia masomo mawili matatu, ambao huchanganya wapendavyo. Katika watu zaidi ya laki tano, mchanganyiko wowote unaoruhusiwa utampata mtu wake. Kila jozi anayoikwaza Rehema inageuka vipindi viwili badala ya kimoja. Jozi ambayo haina mtu wa kuikwaza ni ile ya masomo ya dini, maana sijapata kumwona aliyesajiliwa Biblia na Dini ya Kiislamu kwa pamoja.

Shule chache za Dar es Salaam na Nairobi zinazofuata mitihani ya Cambridge zina njia nyingine. Huko masomo mawili yakigongana, mtoto hufanya moja, kisha analindwa asionane wala asiwasiliane na mtu, halafu anafanya la pili siku hiyo hiyo. Inawezekana kwa mtoto mmoja mwenye mwalimu wa kumlinda. Usijaribu kwa shule ya kata yenye walimu tisa.

Wiki tatu ni siku kumi na tano za kazi, kwani Jumamosi na Jumapili huachwa. Wasabato na wanaokwenda kanisani hawana ugomvi na ratiba kwa hilo. Siku kumi na tano mara vipindi viwili ni vipindi thelathini. Asha anatumia kumi na vitatu tu. Vile kumi na saba vilivyobaki ndivyo vinavyoitwa mapumziko, na hapa ndipo tulipokuwa tukijidanganya pale kwenye ubao wa matangazo. Tulidhani kuna mtu amekaa akatupimia siku za kupumzika. Kwa kweli gepu ya Asha ni siku ambayo watu wa kilimo, Kifaransa, ushonaji na Hisabati ya ziada wako chumbani wanaandika. Imemwangukia tu. Mpanga ratiba anachoweza kufanya ni kusogeza sogeza, ili karatasi mbili nzito zisimkute mtoto mmoja siku moja. Kwa hiyo utaona somo la lazima limekaa asubuhi, na mchana wake pamewekwa somo lenye watu wachache. Kwa umati mkubwa, siku hiyo inakuwa ya karatasi moja. Yule mwenye somo dogo ndiye anayeandika saa sita kwa siku, na hao kwa kuwa ni wachache kelele zao hazisikiki.

Ukiuliza kwa nini wasifanye asubuhi tu, jibu ni kwamba wiki tatu zingekuwa sita. Askari wangelinda karatasi kwa wiki sita, wasimamizi wangelipwa posho kwa wiki sita, madarasa ya kidato cha kwanza hadi cha tatu yangekaa kimya kwa wiki sita, na usahihishaji ungesukumwa hadi ndani ya mwaka mpya wakati matokeo yanatakiwa Januari. Ukiuliza kwa nini wasiweke vipindi vitatu kama darasa la saba, jibu ni kwamba karatasi ya nadharia ya kidato cha nne ni ya saa tatu. Saa mbili asubuhi hadi saa tano, saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Tatu zaidi ya hapo ni giza, na shule nyingi nilizosimamia umeme wake ulikuwa wa kubahatisha.

Kuna saa tatu kati ya vipindi viwili hivyo, na mtu asiyewahi kusimamia huziona nyingi mno. Nizieleze kwa jinsi zinavyokwenda. Saa tano inapogonga, kalamu chini. Watoto hawainuki. Unapita dawati kwa dawati ukikusanya kwa mpangilio wa namba, kisha unazihesabu mbele ya mwenzako, unalinganisha na orodha ya mahudhurio, unaandika nani hakuja. Ikikosekana karatasi moja, hakuna anayetoka. Ndipo unazifunga kwenye bahasha, mnaweka sahihi, mnaitia muhuri. Hapo imeshafika saa sita kasorobo. Kisha ni kupanga upya madawati na kubandika namba za mchana, maana watu wa mchana si wale wale. Kuna adhuhuri ya kuswali, na Ijumaa kuna swala ya msikitini ambayo mtoto lazima aende na arudi. Kuna chakula, kama kipo. Saa saba na nusu unaanza kuwapekua mlangoni. Ukiniuliza mimi, saa tatu zile hazina hata dakika moja ya ziada.

Nami siku zote nilitaka Hisabati iwekwe asubuhi. Mtihani ulipohamia Novemba, mchana ukawa na matatizo ambayo Oktoba yetu ya nyanda za juu haikuwa nayo. Pwani na Dodoma joto la saa tisa chini ya mabati yasiyo na dari linamfanya mtoto aandike huku jasho likidondokea karatasi. Na palipo na vuli, mvua ikipiga mabati huwezi kutangaza hata kwamba zimebaki dakika thelathini; unaandika ubaoni na kuomba wote wainue macho. Karatasi ya kujieleza, kama Historia, mtoto anaweza kuivumilia. Ile ya kukokotoa akikosea hatua moja kwa kelele, hatua zote za chini zinafuata.

Kuna jambo la saa ambalo halitajwi, nalo huwaumiza zaidi watahiniwa wa kujitegemea. Ratiba huandikwa kwa saa za Kizungu: kipindi cha kwanza 8:00, cha pili 2:00. Kwa saa zetu cha kwanza ni saa mbili na cha pili ni saa nane. Yaani tarakimu zile zile mbili, zimebadilishana nafasi. Mwaka mmoja, katika kituo fulani, alikuja mama mmoja mchana na mtoto mgongoni. Alikuwa amevaa vizuri, kalamu mbili mkononi, na kitambulisho chake cha mtihani kwenye mfuko wa plastiki.

"Shikamoo mwalimu. Nimekuja Jiografia."

"Marahaba mama. Jiografia imefanyika asubuhi."

Akaitoa ratiba yake, akanionyesha kwa kidole. "Hapa pameandikwa saa nane."

Palikuwa pameandikwa nane kweli. Kanuni inasema aliyechelewa zaidi ya nusu saa haingii, na kanuni hiyo ina sababu yake: baada ya nusu saa huenda kuna mtu kishatoka chumbani na maswali kichwani. Yeye alikuwa amechelewa saa sita. Msimamizi mkuu alimkalisha kwenye benchi, akamletea mtoto maji. Hakukuwa na la kufanya zaidi ya hapo. Tangu siku hiyo kila kituo nilichopangiwa niliomba ratiba iandikwe upya kwa mkono, kwa herufi kubwa, asubuhi na mchana, na ibandikwe getini wiki moja kabla.

Lakini kama unataka kujua kwa hakika kitu kinachoirefusha ratiba, nenda maabara. Karatasi ya nadharia inahitaji dawati na ukimya. Karatasi ya vitendo inahitaji meza, maji, bureti, betri, darubini, na mtu wa kuviandaa. Siku moja kabla ya mtihani hufunguliwa maelekezo ya saa ishirini na nne, yanayomwambia mwalimu wa somo na fundi wa maabara waandae nini. Maana yake ni kwamba siku ya kuamkia mtihani maabara inatakiwa iwe tupu na mikono yao iwe huru.

Chukua shule moja niliyofundisha. Watahiniwa mia na ishirini, maabara moja yenye nafasi arobaini. Biolojia ya vitendo ni ya wote, kwa hiyo makundi ni matatu. Baraza linalijua tatizo hili, ndiyo maana karatasi ya vitendo hutungwa kwa matoleo, A, B na C, ili anayetoka asimsaidie anayeingia. Kila karatasi ni ya saa mbili na nusu. Kundi la kwanza likiingia saa mbili litatoka saa nne na nusu. Unahitaji kama saa moja kuosha vyombo, kufuta meza, kugawa sampuli mpya. La pili linaingia saa tano na nusu na kutoka saa nane. La tatu linaingia saa tisa na kutoka saa kumi na moja na nusu. Siku nzima imekwisha kwa somo moja. Na muda wote huo makundi hayatakiwi kukutana: wanaosubiri wanakaa chumba cha mbali na msimamizi wao, waliomaliza wanatolewa kwa njia nyingine. Ingawa maswali ni tofauti, mtoto akimwona mwenzake ana vidole vya rangi ya aidini atajua chakula kinapimwa wanga.

Kemia inataka hesabu zaidi. Mtahiniwa mmoja unamkadiria sentimita za ujazo mia na hamsini za asidi, na kiasi hicho hicho cha besi. Kwa kundi la watu arobaini hizo ni lita sita za kila kimoja, unaongeza lita moja ya akiba kwa wanaomwaga. Makundi matatu, matoleo matatu, na kila toleo linaweza kuwa na ukali wake. Fundi wetu alikuwa na ndoo sita zenye vifuniko na alizifungia kila moja utepe wa rangi, kwa kuwa aliwahi kuona lebo za karatasi zikilowa na kubanduka. Alichanganya kila kundi kwa mara moja, kamwe hakuongeza maji katikati. Ukitaka kujua kama kosa limefanyika, angalia vipimo vya kundi zima. Mtoto mmoja akikosea, kipimo chake kinapotea peke yake. Lakini kundi lote likiegemea upande mmoja, wote wamepata pungufu kwa kiasi kinachokaribiana, kosa liko kwenye ndoo, na lazima liandikwe kwenye taarifa ya msimamizi siku hiyo hiyo. Likikaa hadi kesho hakuna atakayeliamini.

Sasa weka Biolojia, Kemia na Fizikia katika maabara ile moja. Ikiwa Biolojia ni Jumatatu, inaisha karibu na magharibi. Kemia ikifuata Jumanne, maelekezo yake yangefunguliwa Jumatatu asubuhi, wakati maabara imejaa. Ndoo zingejazwa usiku, kwa taa ya chemli, na fundi mmoja aliyekwisha kusimama tangu alfajiri. Ndiyo sababu masomo ya vitendo hayawezi kufuatana kama nadharia, na ndiyo sababu Fizikia yetu ya vitendo ilikuwa mwishoni. Mwaka 2012 Rais Kikwete aliagiza kila shule ya sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, moja kwa kila somo, na michango ilikusanywa nchi nzima, mingine kwa hiari na mingine kwa kusukumana na watendaji. Majengo yalisimama sehemu nyingi. Mafundi wa maabara hawakuongezeka kwa kasi ya matofali, kwa hiyo nimeona shule yenye vyumba vitatu vizuri na mtu mmoja anayekimbia kati yake. Ratiba inapanga kwa huyo mtu mmoja, haipangi kwa vyumba.

Nirudi kwa gepu. Ratiba ya sasa kimsingi ndiyo ile ya zamani, lakini watoto wanaoifanya si wa bweni. Shule za kata zilipoongezeka kwa kasi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watahiniwa wengi wakawa wa kutwa. Kwa huyo, saa tatu kati ya asubuhi na mchana si muda wa kupumzika. Kama kwao ni mbali hawezi kwenda na kurudi, anakaa chini ya mti na andazi alilonunua getini, au bila andazi. Siku ambayo hana karatasi haendi shuleni. Yuko nyumbani, na nyumbani hawaelewi kwamba siku hiyo ni ya mtihani pia. Nilikuwa na mwanafunzi, msichana hodari wa Kemia, ambaye gepu ya siku mbili kabla ya Hisabati ilimkuta msimu wa kupanda. Mama yake alinieleza bila ubaya wowote: "Mwalimu, amesema leo hana mtihani." Kwa hiyo alikwenda shamba. Siku ya Hisabati alikuja na mikono ina malengelenge.

Baadhi ya shule zimeanza kambi: watahiniwa wanalala shuleni kwa wiki tatu hizo, madarasa yanageuzwa mabweni, wazazi wanachangia unga na maharage. Nilipoziona mara ya kwanza nilifurahi kupita kiasi, mpaka nilipolala hapo usiku mmoja kama mlezi. Magodoro chini ya ubao, mbu, wasichana arobaini na choo cha matundu mawili. Bado ni afadhali kuliko jembe. Lakini si mikaratusi yetu.

Na kuna simu. Sisi gepu ilitupa utulivu kwa sababu hakuna habari iliyoweza kutufikia. Sasa usiku wa kuamkia karatasi inazunguka picha ya maswali inayodaiwa kuvuja, na karibu mara zote ni ya uongo, imetungwa na mtu anayetaka kutumiwa pesa. Mtoto aliyekuwa na siku nzima ya kusoma anaimaliza akitafuta majibu ya maswali ambayo hayatakuja. Gepu ikiwa ndefu, uongo unapata muda zaidi wa kusafiri. Nimewahi kumsikia mkuu wa shule mmoja akisema angependa ratiba ibanwe iwe wiki mbili kwa sababu hiyo tu, na sikuwa na jibu la haraka la kumpa.

Ila kubana haitawezekana hivi karibuni. Mwaka 2024 baadhi ya shule zilianza kupokea kidato cha kwanza cha mkondo wa amali chini ya mtaala ulioboreshwa, na watoto hao watafika kidato cha nne mwaka 2027. Ushonaji, useremala, umeme, kilimo, mapishi: kila fani ina vitendo vyake, na vitendo vya seremala havimaliziki kwa saa mbili na nusu kama kupima asidi. Akina Rehema nao wataongezeka, maana chaguo zimeongezeka. Mwalimu wa taaluma wa shule jirani, kijana aliyekuwa mwanafunzi wangu, alinipigia juzi kuniuliza shule yake ijiandae kwa siku ngapi. Nilimwambia asianze na idadi ya watoto. Aingie karakana na daftari, ahesabu meza za useremala zenye jiriwa zinazokaza, ahesabu mashine za kushonea zinazofanya kazi, kisha anipigie tena.

Amenipigia. Jiriwa zinazokaza ni nne, na waliojiandikisha useremala ni thelathini na mmoja.